Kwanini mteja akiwekwa mbele ya kamera anaishia "mashine nzuri, nawashukuru sana"?

Vifaranga Moro #1

Habari wakuu.

Nauza mashine za kutotolesha mayai, zile za mayai 120 na 240, nipo Morogoro. Wateja wangu wengi wamekuja kwa kuambiwa na mwenzao, ndo nikaona nitengeneze video fupi za ushuhuda niziweke insta na status ya wasap, mtu amsikie mteja mwenyewe sio mimi muuzaji. Nimeshawarekodi kadhaa. Wote wameridhika, wengine wameniletea wateja, ila kamera ikiwaka tu wote wanaongea kitu kilekile. Huyu wa mwisho ni mama mmoja wa Kihonda, nje ya kamera alinipa stori mpaka nikachelewa kuondoka, nilipobonyeza rekodi akanyooka kama anasoma risala ya mwenge: "Kwa kweli mashine ni nzuri, inatotolesha vizuri, natoa shukrani zangu na nawashauri wanawake wenzangu wanunue."

Sasa hiyo unaweza kuibandika kwenye video ya majiko, ya simu, ya viatu, popote.

Ninachouliza ni: unaionaje mashine yetu, imekusaidiaje, unawaambia nini wengine. Mimi naona tatizo ni kamera, watu wetu wanaiogopa. Mnaofanya hizi kazi mnawauliza nini mpaka mtu anataja namba?

---

Mzee wa Promo #2

Mkuu hapo suluhisho ni skripti. Kaa chini uandike unachotaka aseme, mtumie wasap siku tatu kabla, akariri, ukija ni kurekodi tu. Mwandikie kabisa "nimepata asilimia 95". Ukimwacha aongee mwenyewe utazunguka nusu saa hupati kitu.

---

Nyanya Chungu #3

Mzee wa Promo ndo maana video zako macho ya mteja yanasafiri kutoka kushoto kwenda kulia 😂 tunaona kabisa kuna karatasi nyuma ya kamera

---

Bi Lenzi #4

Vifaranga Moro, kamera inachangia ila sio mzizi. Angalia maswali yako. "Unaionaje mashine yetu" ni swali la kuomba sifa, na mtu mwenye adabu zake ukimwomba sifa mbele ya watu atakupa sifa. Amekujibu sawasawa kabisa. Stori aliyokupa nje ya kamera ilitoka kwa sababu pale ulikuwa unamuuliza maisha yake, sio mashine yako.

Mimi nimerekodi sana hizi stori za mafanikio za miradi, mikoa mingi, na kitu kinachonisaidia ni kufuata matukio yalivyopangana. Naanza mbali na bidhaa. Kabla hujawa na hii mashine vifaranga ulikuwa unawapataje? Halafu namkamata kwenye tukio moja: hebu nikumbushe mara ya mwisho ilivyoharibika. Sio "changamoto zilikuwa zipi", ukisema changamoto tu mtu anarudi kwenye risala. Uliza mara ya mwisho, siku ile, ulikuwa wapi, ulikuta nini. Baada ya hapo naenda kwenye kusita: wakati unataka kununua nini kilikuzuia, nani nyumbani alikataa? Hili wauzaji wanaliogopa sana lakini ndilo analotaka kulisikia mtu ambaye bado hajanunua, maana yeye yuko hapohapo kwenye kusita. Kisha mara ya kwanza kutumia ilikuwaje. Kisha mara ya mwisho, mangapi yaliingia mangapi yakatoka. Na mwisho kabisa, zile hela au wale vifaranga umewafanyia nini.

Halafu mambo mawili ya namna ya kuuliza. Kwa kuwa sauti yako utaikata, mwambie mapema "naomba ukijibu, swali langu liingie ndani ya jibu lako". Ukiuliza ulikuwa na kuku wangapi akajibu "wanne", huna cha kutumia, ila akisema "nilikuwa nawaatamisha kuku wanne kwa mara moja" hiyo umepata. Pili, akimaliza kujibu usirukie swali linalofuata. Kaa kimya, mwangalie tu, hesabu moja mpaka nne moyoni. Karibu kila mtu anaongeza kitu, na hicho alichoongeza mara nyingi ndo chenye nyama.

Mzee wa Promo yuko sawa kwenye kumwandaa mtu mapema, ila mpe mada usimpe majibu. Mwambie tutaongelea ulivyokuwa unatotolesha zamani na ulivyo sasa, tafuta namba zako. Ukimpa sentensi ataikariri, akikosea neno moja anaomba kuanza upya, mpaka jua linazama.

---

Jogoo la Shamba #5

Mzee wa Promo hiyo asilimia 95 uliyotaka mama wa watu akariri ni asilimia ya nini? Maana kwenye kutotolesha kuna hesabu mbili na wauzaji wa mashine wanazichanganya, sijui kwa makusudi au la.

Chukua mtu kaweka mayai 120. Siku ya 7 mpaka ya 10 anayamulika kwa tochi anakuta 18 hayana mbegu, anayatoa. Yamebaki 102. Siku ya 21 wanatoka vifaranga 84. Ukigawa kwa yote aliyoweka ni asilimia 70, ukigawa kwa yale yenye mbegu tu ni asilimia 82. Zote mbili ni kweli. Ya kwanza inamwambia mfugaji ataingiza nini mfukoni, ya pili inaonyesha uwezo wa mashine yenyewe, kwa sababu yai kukosa mbegu ni habari ya jogoo na idadi ya majike, mashine haihusiki hapo.

Kwahiyo mteja akisema asilimia bila kusema ya nini mimi hiyo video naipita. Usiombe asilimia kabisa. Uliza yaliingia mangapi, uliyatoa mangapi kwenye kumulika, vilitoka vingapi. Namba tatu. Mtazamaji anayejua kuku atapiga hesabu mwenyewe na atakuamini zaidi, asiyejua atabaki na picha ya vifaranga 84 kwenye boksi.

---

Mama Junia #6

Samahani naomba kuuliza, mimi yangu ya mayai 56 vifaranga vinadonoa ganda halafu vinafia mlemle ndani, shida ni nini? Nimeshajaribu kuongeza joto

---

Jogoo la Shamba #7

Mama Junia usiongeze joto. Mashine yenye feni iache kwenye 37.5 mpaka 37.8. Dalili hiyo mara nyingi ni unyevu kuwa mdogo siku tatu za mwisho, ngozi ya ndani ya yai inakauka inamkaba kifaranga. Siku 18 za kwanza unyevu 50 mpaka 55, kuanzia siku ya 18 acha kugeuza mayai, panda 65 mpaka 70, na usifungue mlango kuchungulia. Ikiendelea fungua uzi wake tuongee vizuri, huu ni wa video.

---

Mkikuyu wa Nakuru #8

Hamjambo wenzangu wa Bongo. Hapa mnaongea habari ya kamera na maswali lakini mimi naona watu wanajua namba vizuri sana, hawataki tu kuzisema hadharani. Mimi hurekodi wateja wa duka la pembejeo huku Nakuru. Mkulima akisema kwa video "msimu huu nimepata laki mbili", kesho shemeji amefika kwa lango, chama kinamkumbusha deni, na mwingine anaogopa watu wa kodi. Hio sio uoga wa kamera, ni akili.

Kwa hivyo mimi siulizi pesa. Nauliza pesa ilifanya kazi gani. Kuna mzee alikataa katakata kusema aliuza viazi kwa pesa ngapi, nikamuuliza basi hio pesa ilienda wapi, akasema "nimelipa karo ya msichana wa sekondari mihula miwili bila kuuza mbuzi hata mmoja". Hio sentensi ikakuwa video yote.

---

Daftari Jeusi #9

Mkikuyu hapo sikubaliani na wewe kwa asilimia zote. Wapo wanaoficha, sawa, ila wengi hawajui. Mimi nawafundisha wajasiriamali wadogo kuweka hesabu, ukimuuliza mtu mwezi uliopita uliuza ngapi anakuangalia tu, hana pa kuangalia. Akikwambia "faida imeongezeka sana" sio kwamba anaficha, ndo anavyojua yeye, imeongezeka sana.

Kwahiyo kabla ya kamera kuwe na kazi ya karatasi. Mwambie alete daftari kama lipo, kama halipo kaeni na simu yake mrudi nyuma kwenye meseji za M-Pesa au Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, nani alilipia vifaranga, tarehe gani, bei gani. Mashine nayo ina kalenda yake, ukijua siku aliyoweka mayai unajua siku waliyototolewa. Kwa huyo mama wa Kihonda ni nusu saa tu namba zote ziko mezani. Halafu daftari lenyewe lipige picha, mkono wake unaonyesha mstari. Mtu akiona mwandiko wa mteja haulizi tena kama ni kweli. Ila namba za simu na majina ya walionunua kwake yafunike.

---

Nyanya Chungu #10

Mimi nipo upande wa nne jamani, mnawarekodi mapema mno. Mtu kanunua mashine mwezi uliopita katotolesha mara moja, hapo atakwambia nini zaidi ya asante? Bado ana furaha ya kitu kipya. Subiri atotoleshe mara tatu nne, umeme ukatike, vifaranga vife, auze, ajue bei ya chakula. Hapo utamsikia mwenyewe anataja namba hata hujauliza.

---

Vifaranga Moro #11

Nashukuru wote. Mama wa Kihonda ameshatotolesha mara tatu kwahiyo Nyanya Chungu hapo nimepita 😀. Leo nimerudi kwake, tumeanza na daftari kama alivyosema Daftari Jeusi (analo, la mwanae la shule, kurasa za nyuma), nikamuuliza kwa mpangilio wa Bi Lenzi. Nimerekodi kama dakika 25. Nawawekea vipande nilivyoandika, niambieni.

Nikamuuliza: kabla ya mashine vifaranga ulikuwa unawapataje?
Akasema: Kabla ya mashine nilikuwa nawaatamisha kuku wenyewe, watatu au wanne kwa pamoja, kila mmoja mayai kumi na mawili.

Hebu nikumbushe mara ya mwisho ilivyoharibika.
Akasema: Aah, yule wa madoa. (Nikakaa kimya.) Yule wa madoa siku ya kumi na nane akainuka, sijui aliona nyoka sijui nini, hakurudi tena. Nimekuja jioni nashika mayai ya baridi yote. Nikavunja moja nikakuta kifaranga kizima kabisa kina manyoya. Niliumia sana.

Nani nyumbani alikataa usinunue?
Akasema (anacheka): Baba yao. Alisema hiyo hela tununue mabati, mashine ya plastiki itaatamia nini.

Mara ya kwanza ilikuwaje?
Akasema: Mara ya kwanza haikwenda vizuri. Niliweka mayai mia na ishirini wakatoka hamsini na moja. Umeme ulikatika usiku na mimi nimelala, naamka asubuhi mashine ya baridi. Baba yao hakusema kitu lakini nilimwona anaangalia yale mabati ya jirani. Ndo tukanunua betri na inveta.

Je ni kweli sasa hivi kipato chako kimeongezeka mara mbili?
Akasema: Eee, kimeongezeka.

Mara ya mwisho umeweka mangapi yakatoka mangapi?
Akasema: Mara ya mwisho niliweka mia na ishirini, nilipomulika nikatoa kumi na nane, wakatoka themanini na nne.

Jogoo la Shamba nimeshangaa, ni namba zako zilezile za mfano, nimelirudia daftari ni kweli 84.

Umewafanyia nini?
Akasema: Sitini nimewauza wa siku moja, elfu moja mia tano kila mmoja. Ishirini na wanne nimewabakiza, wale kwenye banda lile.

---

Jogoo la Shamba #12

Basi mama yuko vizuri, 84 kwenye 102 kwa mashine ndogo ya nyumbani ni kazi safi. Ila yale ya baridi ya kuku wa madoa yameniuma hata mimi.

---

Bi Lenzi #13

Hapa sasa kuna video. Umeona kimya kilivyofanya kazi pale kwa kuku wa madoa? "Aah, yule wa madoa" ungerukia swali lingine hapo usingempata yule kifaranga mwenye manyoya.

Swali moja litoe kabisa, lile la "ni kweli kipato kimeongezeka mara mbili". Hiyo mara mbili ni yako sio yake. Ona jibu, "eee, kimeongezeka", hata yeye hakuirudia. Ukimwekea mtu namba mdomoni anaitikia kwa heshima, na anayetazama anasikia kwamba ameitikia. Dalili yake ni hiyo: jibu likiwa fupi kuliko swali ujue umemjibia wewe.

Ningeikata hivi, sekunde 75 hivi, ambayo ni kama maneno 150 ya mtu anayeongea taratibu. Fungua moja kwa moja na "siku ya kumi na nane akainuka", bila jina la kampuni bila muziki mkubwa, mpaka "niliumia sana". Kama sekunde 20. Halafu mabati, ni fupi na anacheka, sekunde 10. Halafu 51 na umeme na betri. Halafu 84, na hapo wakati anaongea unaonyesha daftari, kidole kwenye mstari, kisha vifaranga kwenye boksi. Malizia na wale 24 kwenye banda. Jina la mashine yako na namba ya simu viwe maandishi mwishoni, yeye asizitaje.

Sauti ndo roho ya hizi video. Usimrekodi karibu na mashine, ile feni inanguruma na huwezi kuitoa baadaye bila kuharibu sauti yake. Mkae nje kivulini au chumba chenye makochi na mapazia, maiki ya kubana kwenye kola, simu nayo iwe inarekodi kama akiba. Shoti za mashine utazichukua peke yake baadaye, akimulika mayai, akijaza maji, akiondoa trei.

---

Jogoo la Shamba #14

Bi Lenzi hapo kwenye shoti za mashine naongeza kitu, maana nimeona watu wa video wakiharibu mzunguko mzima. Ukienda siku ya 18 mpaka 21 usimwambie afungue mlango ili upate picha nzuri. Ukifungua unyevu unaporomoka na vile vilivyoanza kudonoa ganda vinakaukia ndani, ndo tatizo la Mama Junia hapo juu. Piga kupitia kioo. Shoti ya kumulika nenda siku ya 7 mpaka 10, inapendeza na mayai hayadhuriki ukifanya haraka, na shoti ya kuwatoa subiri wakauke manyoya. Na usizime mashine ili sauti itulie ukasahau kuiwasha.

---

Mzee wa Promo #15

Mi bado nina swali kwa Bi Lenzi. Hiyo ya 51 kwanini unaiweka? Huyu anauza mashine, wewe unatangaza kwamba mashine imetoa chini ya nusu. Mtu anatazama sekunde 40 za kwanza anasikia mayai yameharibika mara mbili, anapitisha. Kwenye biashara hilo ni kosa. Mimi ningeanza na 84.

---

Daftari Jeusi #16

Mzee wa Promo leo namuunga mkono nusu. Kuanza na 84 inawezekana, sentensi moja tu "niliweka mia na ishirini wakatoka themanini na nne" halafu urudi nyuma kwenye kuku wa madoa. Ila 51 usiitoe. Yule mteja atakayenunua mashine akakatikiwa umeme wiki ya kwanza atakuja kukutukana kwenye komenti. Akiwa ameshasikia habari ya betri kwenye video anajua la kufanya, na pengine ananunua betri siku hiyohiyo aliyonunua mashine.

Kitu kingine, ile 90,000 ya vifaranga sitini msiiache mtu akadhani ni faida. Vifaranga Moro muulize mayai alitoa wapi. Kuku wanne hawawezi kumtagia mia na ishirini kwa wiki moja.

---

Vifaranga Moro #17

Mkuu nimempigia. 40 ni ya kuku wake, 80 kanunua kwa majirani 500 kila moja, hiyo ni 40,000. Luku anasema iliongezeka kama elfu kumi. Kwahiyo amebaki na elfu 40 mkononi pamoja na wale 24 bandani. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, ila yeye anasema wale 24 ndo hesabu yake, wakikua anapunguza kununua mayai kwa watu.

---

Mkikuyu wa Nakuru #18

Hio ya mwisho umeirekodi? "Wakikua sitanunua mayai kwa watu". Rudi uirekodi, hio ndo matokeo yenyewe, sio elfu arobaini. Na muulize tena kama yuko sawa pesa itajwe. Kukwambia kwa simu si kukubali mtaa wote usikie.

---

Mbeba Boksi Houston #19

Wakuu mimi niko huku Marekani nafanya kazi kwenye kampuni ya matangazo, niwape angalizo. Huku FTC, mamlaka ya serikali inayolinda walaji, toka walipobadilisha mwongozo wao 2009, ukimweka mteja anataja matokeo yake wanachukulia umemwambia mtazamaji kwamba na yeye atapata hivyohivyo kwa kawaida. Kuandika chini kwa herufi ndogo "matokeo yanaweza kutofautiana" haitoshi, inabidi useme wazi mteja wa kawaida anapata nini. Na 2024 wakatoa kanuni kabisa ya kupiga faini shuhuda za kutunga. Hivyo ile ya Mzee wa Promo ya kukaririsha asilimia 95 huku ingemtokea puani. Na kama ulimpa mteja zawadi au punguzo ili aongee, sema kwenye video.

---

Mzee wa Promo #20

Sisi hatuko Houston mkuu

---

Mbeba Boksi Houston #21

Sawa, lakini na nyinyi mna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, Tume ya Ushindani FCC ndo wanaisimamia. Sijasema atakamatwa kesho. Nasema Vifaranga Moro aulize wateja wake kumi tu wametoa wangapi, akikuta wengi wako 60 mpaka 75 kwenye 120, aandike hivyo kwenye maelezo chini ya video ya mama. Asimwache mtu aamini kila anayenunua anapata 84.

---

Bi Lenzi #22

Namuunga mkono Houston. Na ridhaa iwe ya maandishi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi: video itakaa wapi, kwa muda gani, na akitaka itolewe ampigie nani. Msomee, asaini, abaki na nakala. Muhimu zaidi, mwonyeshe video ikishakatwa kabla hujairusha. Hapo kuna mume ametajwa na yale mabati. Mama kacheka, baba je? Mwite aione.

Kuhusu kuanza na 84 au na kuku wa madoa siwezi kusema Mzee wa Promo kakosea. Kwa tangazo la kulipia ambalo mtu anakutana nalo bila kutarajia ningeweza kuanza na 84. Kwa status ya wasap ambako watu wanakujua, kuku wa madoa. Kata zote mbili, ni rekodi hiyohiyo.

---

Nyanya Chungu #23

Mimi nabaki na la kwangu la muda. Angalieni, stori ya mama imenoga sababu ya mzunguko wa kwanza ulioharibika na wa tatu uliofanikiwa. Angerekodiwa baada ya ule wa kwanza hata Bi Lenzi angekaa kimya mpaka mia asingepata kitu hapo.

---

Bi Lenzi #24

Nyanya Chungu, Vifaranga Moro alimrekodi mama huyuhuyu, akiwa na mizunguko mitatu tayari, akapata risala. Kilichobadilika ni maswali na daftari.

---

Nyanya Chungu #25

Au alimzoea mara ya pili. Mara ya kwanza mgeni na kamera, mara ya pili wamekaa na daftari wamekunywa chai.

---

Mkikuyu wa Nakuru #26

Au hakujua mara ya kwanza nani ataona. Mimi huwaonyesha kwanza video ya mteja mwingine, akishajua iko aje anafunguka.

---

Vifaranga Moro #27

Wakuu sijui nimwamini nani ila yote nimeyaandika. Baba yao ameiona kata ya kwanza, kacheka, kasema mabati yaachwe ila na yeye aonekane amekaa bandani, maana lile banda kajenga yeye. Jumamosi naenda Mkundi kwa mteja mwingine wa 240, huyu ni kijana, ni wa "namshukuru Mungu" tu, hana daftari kabisa. Nitaanza na meseji za M-Pesa. Mnisaidie swali la kufungulia kwa mtu ambaye hajawahi kuatamisha kuku, yeye kaanza na mashine moja kwa moja, hana "zamani" ya kulinganisha.

---

Bi Lenzi #28

Muulize ile hela ya mashine angeifanyia nini kama asingenunua. Hiyo ndo zamani yake. Na kabla ya mashine alikuwa anaamka saa ngapi anaenda wapi.

---

Jogoo la Shamba #29

Mpigie Ijumaa umuulize mayai yako siku ya ngapi. Kama ni ya 18 kuendelea nenda na maswali tu, shoti za ndani ya mashine ziache mpaka watoke.